Habasoda, dawa za sukari na dawa za presha: ukizitumia pamoja

Kwenye maduka ya dawa ya pwani, kuna mazungumzo ambayo mfamasia anayazoea haraka. Mama anakuja kuchukua dawa zake za mwezi, za sukari na za presha. Mfamasia anamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia nyumbani. Anasema hapana. Anaulizwa tena, kwa njia nyingine: "Hata mitishamba, mama? Hata mafuta?" Hapo ndipo anapotabasamu: "Ah, habasoda tu, mwanangu. Hayo si dawa."

Halafu ukimuuliza anayatumia ya nini, anakujibu bila kusita: ya sukari.

Majibu hayo mawili hayakai pamoja. Kama mafuta hayashushi sukari, hana sababu ya kuyanunua. Kama yanashusha, basi ni dawa, na dawa inayoongezwa juu ya dawa nyingine ya kazi ileile inabadilisha hesabu yote ambayo daktari aliipiga alipoandika cheti. Makala hii inahusu hesabu hiyo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani. Habasoda ni mbegu ndogo nyeusi za mmea unaoitwa kitaalamu Nigella sativa. Wengine huandika habat soda, kwa kufuata Kiarabu, maana yake mbegu nyeusi. Si ufuta mweusi, na si bizari, ingawa sokoni mbegu nyeusi zote huwekwa jirani. Theluthi moja hivi ya uzito wa mbegu ni mafuta. Ndani ya mafuta hayo kuna sehemu ndogo inayoruka kwa harufu, na humo ndimo mna kiambata kinachoitwa thaimokwinoni, ambacho watafiti wamekifuatilia kuliko vingine vyote.

Imani ya watu wetu kwa mbegu hii haikutoka kwenye matangazo. Imetoka kwenye hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba katika mbegu nyeusi kuna tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Sitaki mtu asome makala hii akadhani inapingana na hadithi hiyo. Wanazuoni wenyewe waliijadili zamani. Al-Khattabi, kwa mfano, alieleza kwamba tamko lake ni la jumla lakini makusudio yake ni mahususi, kwa maradhi ambayo asili ya mbegu hiyo inayafaa. Na haisemi popote kwamba ukinywa habasoda uache dawa nyingine, wala haitaji kipimo. Kipimo ni swali la mtu anayetibu, na ndilo swali ambalo muuzaji wa chupa huwa hana jibu lake.

Sasa tuje kwenye ushahidi, tuanze na sukari, maana ndiko kulikofanyiwa kazi zaidi.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Saudia na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 94 wenye kisukari cha aina ya pili, wote wakiwa tayari wanameza vidonge vya sukari, waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa gramu 1 ya unga wa habasoda kwa siku, la pili gramu 2, la tatu gramu 3, kwa miezi mitatu, na dawa zao za kawaida zikaendelea. Waliopewa gramu 1 hawakupata nafuu ya maana. Waliopewa gramu 2, sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kwa wastani wa takriban 2.5 mmol/L baada ya wiki nne, na kama 3.4 baada ya wiki nane. Kipimo cha HbA1c, kile tunachokiita cha miezi mitatu, kilishuka kwa pointi moja na nusu hivi. Waliopewa gramu 3 hawakupata zaidi ya wale wa gramu 2.

Huo ni ushushaji mkubwa, unaokaribia ule wa kidonge cha hospitali. Lakini angalia kilichokosekana: hapakuwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na habasoda ndani ili kulinganisha. Mtu anayejua anafuatiliwa kila mwezi hupunguza wali, hutembea zaidi, humeza dawa zake kwa wakati. Sehemu ya mafanikio inaweza kuwa imetoka huko. Baadaye, mwaka 2015, ulichapishwa utafiti mwingine wa watu 114 kwa mwaka mzima, safari hii kukiwa na kundi la kulinganisha, na bado waliopata gramu 2 za habasoda juu ya dawa zao walikuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo nafuu haikuwa ndoto tu. Ipo, kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, ikiwa nyongeza ya dawa.

Hilo neno nyongeza ndilo linalopotea njiani habari ikifika kwenye simu zetu. Habasoda ikiwa peke yake je? Swali hilo liliulizwa Misri, kwa wagonjwa waliogunduliwa karibuni. Baadhi walipewa vidonge vya mafuta ya habasoda, jumla ya miligramu 1,350 kwa siku, wengine wakapewa metfomini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: katika kushusha sukari, ya kabla ya kula, ya baada ya kula na ya miezi mitatu, habasoda ilishindwa na metfomini. Na metfomini ndiyo dawa ya kwanza na ya bei nafuu kabisa kwenye kliniki ya kisukari. Mtu anayeiacha ili anywe mafuta anabadilisha kilicho na nguvu zaidi kwa kilicho na nguvu kidogo, na mara nyingi analipa zaidi kwa kufanya hivyo.

Kwa upande wa presha habari ni fupi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya majaribio 11 yenye watu 860 kwa jumla. Wastani wa kushuka ulikuwa 3 hivi kwa namba ya juu na karibu 3 kwa namba ya chini. Dawa moja ya kawaida ya presha, kwa kipimo cha kawaida, hushusha namba ya juu kwa takriban 9. Kwa mtu mwenye 158, habasoda ingemfikisha 155. Si bure, lakini hakuna daktari atakayemwambia mtu wa 155 kwamba amepona. Uchambuzi huohuo ulionyesha pia kwamba unga wa mbegu ulifanya kazi kuliko mafuta.

Kuhusu saratani, ukimwi, figo zilizokufa, utasa na orodha nyingine inayobandikwa kwenye chupa, nitasema kwa ufupi kwa sababu hakuna mengi ya kusema. Sehemu kubwa ya habari hizo imetoka kwenye seli zilizooteshwa maabara na kwenye panya, ambako thaimokwinoni humwagiwa seli moja kwa moja kwa kiasi ambacho kijiko cha mafuta hakiwezi kukifikisha kwenye damu ya mtu. Anayekuuzia mafuta ya kuponya saratani anakuuzia panya.

Turudi kwenye chupa, maana hapa kuna mkanganyiko ambao hata watu wasomi hawauoni. Tafiti za Saudia zilitumia unga wa mbegu nzima. Watu wetu wengi wanakunywa mafuta. Hivyo si vitu sawa. Gramu 2 za mbegu zina mafuta yasiyofika gramu moja, tuseme gramu 0.7. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta, mililita 5, kina uzito wa kama gramu 4.6. Gawa: kijiko kimoja kimebeba mafuta ya kiasi cha mbegu mara sita na nusu ya kile kilichotumika kwenye utafiti. Mama anayekunywa kijiko asubuhi na kingine usiku yuko mara kumi na tatu.

Usiharakishe kusema basi atapata nafuu mara kumi na tatu. Mbegu ina vitu vingine vinavyobaki kwenye makapi baada ya kukamua, na tumeshaona kwamba gramu 3 hazikuzidi gramu 2. Pia kiasi cha thaimokwinoni hutofautiana sana kati ya chupa na chupa, kutegemea mbegu zimetoka wapi, zimekamuliwa kwa joto au bila joto, na chupa imekaa juani muda gani. Mafuta yanaweza pia kuchanganywa na mafuta ya bei rahisi. Kwa hiyo mtu akihamia chupa ya kampuni nyingine, kijiko ni kilekile lakini dawa iliyomo si ileile. Kwa mtu mwenye afya hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayemeza dawa za sukari ni jambo kubwa, na sasa nieleze kwa nini.

Dawa za sukari si za aina moja, na hatari ya kuchanganya haiko sawa kwa zote. Metfomini inapunguza sukari inayotengenezwa na ini na kuusaidia mwili kuitikia insulini yake. Ikiwa peke yake ni nadra kumshusha mtu chini ya kiwango. Glibenklamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, ni tofauti kabisa. Inalilazimisha kongosho kutoa insulini, iwe umekula au hujala, na kazi yake huendelea hadi siku nzima. Insulini ya sindano nayo haisubiri chakula. Hizi mbili ndizo ambazo kitu chochote kinachoongeza nguvu ya kushusha, hata kidogo, kinaweza kumvusha mtu mstari. Mstari wenyewe ni 3.9 mmol/L, au 70 kwa wanaotumia miligramu. Chini ya hapo sukari imeshuka mno.

Tuchukue mfano, tuuendeshe hadi mwisho. Mama wa miaka 58, anaishi Tanga, ana kisukari na presha kwa miaka kadhaa. HbA1c yake ya mwisho ilikuwa 9.1, yaani juu. Anameza metfomini, anameza glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, na kwa presha ana amlodipini na atenololi. Jirani anamletea chupa ya mafuta ya habasoda. Anaanza kijiko asubuhi kabla ya kula na kijiko usiku. Hamwambii mtu kliniki.

Wiki ya tano anapima asubuhi, anakuta 7.1. Alikuwa amezoea 10 na 11. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi.

Hapo njia zinagawanyika, na zote mbili zinaonekana za busara. Njia ya kwanza ni kusema: habasoda imeniponya, sasa naacha vidonge. Ile 7.1 ilikuwa kazi ya vitu vitatu pamoja. Akiondoa viwili, kinabaki kile chenye nguvu ndogo. Sukari haipandi siku ileile, inapanda taratibu kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa amekwisha kuamini amepona, hapimi tena. Anakuja kushtuka kwa kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, macho kuwa na ukungu, au kidonda cha mguu kisichofunga. Akiacha za presha pia, dalili huenda asizione kabisa hadi siku ya kiharusi. Na atenololi ina hatari yake ya pekee: ikikatishwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na presha kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Dawa hiyo hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya daktari.

Njia ya pili ni kuendelea na vyote. Wengi hufanya hivi, na kwa siku za kawaida anaweza asipate shida. Shida inakuja siku ambayo chakula kimepungua. Tuseme ni Ramadhani. Mama amekula daku kidogo, amemeza glibenklamidi yake na kijiko cha mafuta pamoja na asali, kama alivyoshauriwa na jirani. Saa kumi alasiri anaanza kutokwa jasho jingi. Anajibu maswali ovyo. Bintiye anadhani ni swaumu na joto, anamwambia, "Mama, jilaze kidogo, futari inakaribia." Kipimo cha sukari kingesoma 2.9.

Kuna jambo hapa ambalo bintiye hakuambiwa na mtu. Sukari ikishuka, mwili hupiga kelele: mikono inatetemeka, moyo unadunda, njaa inabana, jasho linatoka. Atenololi, na ndugu zake kama propranololi, huzima kelele mbili za mwanzo. Mtu hatetemeki na moyo haudundi. Jasho linabaki. Kwa hiyo kwa anayemeza atenololi, jasho lisiloeleweka na kauli zilizochanganyika zinatosha kushuku sukari. Usisubiri mtetemeko, hautakuja.

Niwe mkweli: siku hiyo huwezi kuilaumu habasoda peke yake. Glibenklamidi na swaumu, hata bila mafuta, vimewaangusha watu wengi, na ndiyo maana kliniki hubadilisha dozi kabla ya Ramadhani. Lakini hapo ndipo uzito wa kutosema unapoonekana. Daktari aliyeona HbA1c ya 9.1 bila kujua habari za mafuta, anaiona dozi ya glibenklamidi kuwa ndogo na anaiongeza. Angejua, angeipunguza au angemhamisha kwenye dawa isiyoshusha kwa nguvu. Dozi iliandikwa kwa mama ambaye hakuwepo.

Kwenye majaribio, matukio mabaya ya sukari kushuka hayakuwa jambo la kawaida, na wauzaji hupenda kulitaja hilo. Ila washiriki wa majaribio walikuwa wakipimwa mara kwa mara, walipewa kipimo kinachojulikana, na madaktari wao walijua wanachokunywa. Ukiondoa mambo hayo matatu, hunalo tena lile jaribio.

Kwa presha kuna njia ya pili ya mgongano, isiyohusu nguvu ya kushusha bali namna ini linavyosafisha dawa. Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa ili zitoke mwilini. Amlodipini na nifedipini hutegemea kundi moja la vimeng'enya hivyo, metoprololi na kavedilolo hutegemea jingine. Mwaka 2010 watafiti wa Saudia waliwapa watu wachache mno, wanne tu, unga wa habasoda gramu 2.5 mara mbili kwa siku kwa wiki moja, wakaona vimeng'enya vya makundi hayo yote mawili vikizuiwa. Watu wanne hawatoshi kutoa hukumu. Wanatosha kumfanya mtu awe macho, maana kimeng'enya kikizuiwa, dawa hukaa kwenye damu muda mrefu na kwa wingi zaidi, kana kwamba dozi imeongezwa bila kuandikwa. Atenololi haimo kwenye tatizo hili, kwani hutoka zaidi kwa figo.

Ukitaka kujua kama presha inashuka kupita kiasi, usipime ukiwa umekaa tu. Kaa dakika tano, pima. Simama, pima tena ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ukihisi kizunguzungu ukisimama, hilo ni jambo la kupeleka kliniki wiki hiyohiyo. Wazee huanguka usiku wakienda msalani kwa sababu hii, na nyonga iliyovunjika ni adhabu kubwa kuliko presha ya 150.

Kizunguzungu cha presha na cha sukari huchanganywa. Cha presha huja ukisimama na hupungua ukikaa au ukilala. Cha sukari hakijali umekaa vipi, na huja na jasho, njaa au kuchanganyikiwa. Kama kipimo kipo, pima vyote viwili. Kama hakipo na una shaka, mchukulie ni sukari imeshuka. Ukikosea, sukari kidogo haitamwua mtu. Ukikosea upande wa pili, huenda ikamwua.

Sasa, mtu ambaye amesoma yote haya na bado anataka habasoda yake afanye nini? Simkatazi. Anayeitumia kwenye chakula, mbegu zikinyunyizwa juu ya mkate au kwenye achari, aendelee kwa amani. Kiasi hicho ni kidogo. Anayetaka kuitumia kama dawa, aitendee kama dawa.

Aanze kwa kusema kliniki, na aende na chupa au pakiti yenyewe mkononi, si jina tu. Kabla ya kuanza, apime sukari ya asubuhi na ya kabla ya chakula cha jioni kwa wiki nzima, aandike. Bila namba za mwanzo hatajua kama kuna kilichobadilika. Kisha, kama daktari amekubali, atumie unga wa mbegu badala ya mafuta, maana ndio uliojaribiwa vizuri zaidi, gramu 2 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kidogo cha chai kisichojaa. Asibadilishe kitu kingine chochote wiki hizo, si chakula, si dawa, ili ajue kilichofanya kazi ni kipi. Wiki ya nne na ya nane ndizo za kuwa macho zaidi, kwa sababu ndipo ushukaji ulipoonekana kwenye utafiti. Namba za asubuhi zikianza kugusa 5 na 4 kwa mtu wa glibenklamidi au insulini, asisubiri miadi. Apige simu au aende. Na kinachopunguzwa hapo kiamuliwe na daktari. Mara nyingi kitakuwa glibenklamidi, si metfomini na wala si dawa ya presha.

Kuna watu ambao ningewaambia wasianze kabisa. Mjamzito asitumie zaidi ya kiasi cha chakula. Anayemeza wafarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda asiguse, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Anayesubiri upasuaji asimamishe wiki mbili kabla. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja kwa ajili ya kitu chochote kilichomo kwenye chupa. Mwenye figo dhaifu naye ajiepushe: imewahi kuripotiwa mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zilifeli ghafla baada ya siku chache za vidonge vya habasoda. Kisa kimoja hakithibitishi kwamba habasoda ndiyo sababu, lakini figo za mwenye kisukari si mahali pa kufanyia majaribio. Zaidi ya hapo, figo zikilegea, glibenklamidi hubaki mwilini muda mrefu zaidi.

Jihadhari pia na chupa au vidonge vinavyoshusha sukari ndani ya siku mbili tatu. Habasoda haina kasi hiyo. Katika nchi mbalimbali, mamlaka za dawa zimewahi kukuta dawa zinazouzwa kama za asili za kisukari zikiwa zimechanganywa kisirisiri na glibenklamidi yenyewe. Mtu akidhani anakunywa mitishamba, kumbe anameza dozi ya pili ya dawa anayoitumia tayari. Bidhaa ya namna hiyo ipelekwe kwa mfamasia, na isitupwe, maana chupa ndiyo ushahidi.

Na ile alasiri ya Ramadhani, saa kumi, mama akiwa amelala na jasho linamtiririka? Kama anaweza kumeza, swaumu inafunguliwa palepale. Apewe sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Asipewe mkate kwanza wala chokoleti, vinachelewa. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Kama bado yuko chini ya 3.9, arudiwe. Akishapanda, ale chakula cha kweli, ugali au wali. Kama amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni, hata asali. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Hata akizinduka na kucheka, aende hospitali. Glibenklamidi aliyomeza alfajiri bado inafanya kazi, na sukari inaweza kushuka tena usiku wakati kila mtu amelala. Watamweka chini ya uangalizi hadi kesho yake. Bintiye aje na mfuko wenye dawa zote za mama, na chupa ya mafuta iwemo.